Nusu kamili iende wapi? Python na 2.5 inayogeuka 2

Asanteni, kaeni. Sitaanza na historia ya kompyuta. Wenye kompyuta mpakato fungueni Python, tukadirie namba mbili ziwe namba kamili kwa amri ya `round`. Andikeni hivi:

```
>>> round(2.5)
2
>>> round(3.5)
4
```

Nimeona nyuso zimebadilika. Kila ninapozungumza na vijana wanaoandika programu za maduka hapa Dar, jambo hili linazuka, na kila mara kuna mmoja anayesema Python ina kosa. Haina. Kabla hujaandika `int(x + 0.5)` na kujiona umerekebisha, nisikilize.

Hakuna anayegombana kuhusu 2.4. Iko karibu na 2, inashuka. Hakuna anayegombana kuhusu 2.6, wala 2.51, ziko karibu na 3, zinapanda. Ugomvi wote uko kwenye namba moja tu, ile iliyokaa katikati kabisa. Kutoka 2.5 kwenda 2 ni nusu, na kwenda 3 ni nusu. Hakuna jirani aliye karibu zaidi. Kwa hiyo hapo hesabu yenyewe haikupi jibu, na watu hulazimika kukubaliana kanuni. Python imekubali hii: nusu kamili iende kwenye namba shufwa iliyo jirani. Majirani wa 2.5 ni 2 na 3. Shufwa ni 2. Majirani wa 3.5 ni 3 na 4. Shufwa ni 4. Kwa hiyo 0.5 inakuwa 0, 1.5 inakuwa 2, na 4.5 inakuwa 4.

Sasa mtu ananiambia, "Lakini mwalimu, shuleni tulifundishwa tano inapanda." Ndiyo, na mimi nilifundishwa hivyo. Ila itazameni kanuni hiyo vizuri. Tarakimu moja, mbili, tatu na nne zinashuka. Tano, sita, saba, nane na tisa zinapanda. Sifuri haiendi popote. Zinazoshuka ni nne, zinazopanda ni tano. Moja na tisa zinafutana, mbili na nane, tatu na saba, nne na sita. Tano inabaki peke yake, haina wa kuifuta, na kila inapotokea inasukuma jumla juu. Ukikadiria namba moja kwenye daftari la mtoto huoni kitu. Ukikadiria mistari ya risiti kuanzia asubuhi mpaka duka lifungwe, utaona.

Tuchukue duka la jumla pale Kariakoo, lililosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Bei kabla ya kodi za vitu vinne vidogo ni shilingi 125, 175, 225 na 275. Programu inakadiria kodi ya kila mstari iwe shilingi kamili. Kodi zenyewe ni 22.5, 31.5, 40.5 na 49.5. Zijumlisheni: 144 kamili. Sasa tumia kanuni ya shuleni: 23, 32, 41 na 50, jumla 146. Shilingi mbili zimezaliwa ambazo hakuna mteja aliyestahili kutozwa. Tumia `round` ya Python:

```python
bei = [125, 175, 225, 275]
print(sum(round(b * 18 / 100) for b in bei))
# 144
```

Inakadiria 22, 32, 40 na 50. Mbili zimeshuka, mbili zimepanda, na tumerudi kwenye 144.

Kuna sababu ya hilo, nami nataka muione kwa sababu ndiyo inayowaonyesha pia mahali kanuni inapochoka. Bei ikipanda kwa shilingi 50, kodi inapanda kwa 9. Tisa ni witiri. Kwa hiyo sehemu kamili ya kodi inabadilishana: 22 ni shufwa, 31 witiri, 40 shufwa, 49 witiri. Nusu inashuka, inapanda, inashuka, inapanda. Usawa unatokana na kubadilishana huko.

Basi chukua duka linalouza kitu kimoja tu, cha shilingi 125, mara mia moja, kila mauzo na risiti yake. Kodi halisi ni 2250. Kanuni ya shuleni inatoa 2300. Python inatoa 2200. Zote zimekosea kwa shilingi 50, moja juu, nyingine chini! Namba zako zisipochanganyika, shufwa haikuokoi. Ndiyo maana nasisitiza hadi watu wanachoka kunisikia: usikadirie mapema. Mteja akinunua vitu vinne kwenye risiti moja, jumlisha kwanza na senti zake, kisha kadiria mara moja mwishoni. Vile vinne vya kwanza vingekupa 144 bila kubishana kuhusu kanuni yoyote.

"Mbona Excel inanipa 3?" Kwa sababu `ROUND` ya Excel inafuata kanuni ya shuleni. Hata Python ya zamani, toleo la 2, ilitoa 3.0. Mabadiliko yalikuja na Python 3.0 mwaka 2008. Na kanuni ya shufwa haikubuniwa siku hiyo; ndiyo kanuni ya kawaida katika kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho kompyuta zenu hukifuata zinapohesabu desimali. Kwa hiyo ukilinganisha ripoti ya mhasibu na ya programu yako zikapishana shilingi chache, anza kutafuta kwenye mistari iliyoishia na nusu kamili.

Na ile `int(x + 0.5)`, inayoongeza nusu kisha kukata desimali? Iacheni. Kwa mauzo ya 2.5 inatoa 3. Mteja akirudisha bidhaa, -2.5 inatoa -2. Umemtoza tatu, umemrudishia mbili.

Kama mwajiri au utaratibu wa ofisi unataka nusu ipande, hilo ni sawa kabisa, mradi liandikwe wazi kwenye msimbo:

```python
from decimal import Decimal, ROUND_HALF_UP
Decimal("2.5").quantize(Decimal("1"),
                        rounding=ROUND_HALF_UP)
# Decimal('3')
```

Alama za nukuu kwenye `"2.5"` msiziondoe mnapofanya kazi na senti, maana ndizo zinazoifanya `Decimal` ichukue namba kama ilivyoandikwa. Naona muda unaniishia, kwa hiyo hili nalisema haraka: `round(2.675, 2)` inatoa 2.67, na hapo shufwa haihusiki hata kidogo, maana shufwa ingetoa 2.68. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na 2.675 haiingii humo kamili. Inayohifadhiwa ni pungufu kidogo sana, ikianza 2.67499. Haikuwa nusu kamili tangu mwanzo, ikashuka kihalali. 2.5 inaingia kamili, ndiyo maana mfano wetu wa leo ni safi.

La mwisho, kwa wanaoandika majaribio ya programu. Msijaribu 3.5 peke yake. Kanuni zote mbili zinatoa 4, jaribio litapita, na hutajua programu inafuata ipi. Weka 2.5 na 3.5 pamoja, kisha ongeza -2.5.