Kutafuta RMS ya wimbi ambalo si saini

Karibuni tena. Leo tunapima wimbi la saini ambalo nusu zake za chini zimepinduliwa juu, kama linavyotoka kwenye daraja la dayodi. Dayodi zenyewe siziweki, maana kila moja inakula kama volti 0.7 na umbo linaharibika karibu na sifuri. Natumia jenereta ya mawimbi, kilele volti 10. Waya nimeshaunga, twende.

Kwanza karatasi. RMS ni volti isiyobadilika ambayo ingepasha kipinga joto sawa na wimbi letu. Kuipata, tunapandisha volti kwenye mraba, tunatafuta wastani, halafu kipeuo cha pili. Shika mpangilio huo! Mraba kwanza, wastani baadaye. Mimi niliwahi kuanza na wastani: 6.37, mraba wake 40.6. Nikakadiria kipinga cha omu 10 kitapoteza wati 4, kumbe kilikuwa kinapoteza 5, kikaungua. Narudia: mraba kwanza.

Ngoja nisogeze kamera, mkono unaziba. Haya, tazameni mchoro wa mraba. Unapanda hadi 100, unashuka hadi 0, na umbo la juu ya mstari wa 50 ni sawasawa na la chini yake. Kata vilima, jazia mabonde, vinatoshana. Kwa hiyo wastani ni 50, na kipeuo chake ni 7.07. Ndiyo ileile ya saini ya kawaida, kwa sababu hasi ikiwekwa kwenye mraba inakuwa chanya; kupindua hakubadilishi kitu. Napenda sana hatua hii, hesabu ndefu yote inaisha kwa macho tu.

Sasa mita. Hii inapima RMS halisi, naiweka upande wa AC... inasoma 3.08. Subirini, nisogeze karibu muone. Ndiyo, 3.08.

Mita haijaharibika. Mita nyingi za namna hii, zikiwa AC, huzuia sehemu isiyobadilika na kupima mtikisiko peke yake. Geuza iwe DC: 6.37. Usijumlishe hivihivi, utapata 9.45, uongo mtupu. Jumlisha miraba:

```
√(6.37² + 3.08²) ≈ 7.07
```

Ukiwa na wimbi ambalo halilali sawa juu na chini ya sifuri, soma mara mbili. AC, kisha DC. Mara mbili, tafadhali.

Wimbi la mraba ni jepesi. Likiruka kati ya +10 na −10, mraba wake ni 100 muda wote, kwa hiyo RMS ni 10. Mita yetu inasoma 10. Ila hii nyingine, ya bei nafuu, inasoma 11.1, kwa kuwa inapindua juu nusu za chini za wimbi, inapima wastani, kisha inazidisha kwa 1.11, kipimo kinachofaa saini pekee. Ukiona wimbi la mraba linasomeka zaidi ya kilele chake, mita yako ni ya aina hiyo.