Usianzie Kwenye Leja: Kuwatafuta Wadai Ambao Hawakuandikwa

Ndugu zangu wakaguzi, na ninyi wahasibu mliojipenyeza humu kusikia tunavyowasema, habari za asubuhi. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakachosema. Wanaweza kusinzia kidogo, nitawaamsha tukifika kwenye jenereta.

Wiki iliyopita nilipitia karatasi za kazi za kijana mmoja. Juu ameandika kwa herufi kubwa: "Ukamilifu wa wadai umepimwa." Chini yake amechukua orodha ya wadai ya tarehe 31 Desemba, akachagua majina 25, akatafuta ankara ya kila jina, akapiga tiki 25 za kijani. Kazi safi, hata rula ametumia. Lakini amepima nini? Amepima kwamba madeni yaliyoandikwa ni ya kweli. Deni ambalo halikuandikwa halimo kwenye orodha hiyo, sasa utalichaguaje? Ni sawa na mwalimu anayeita majina kwenye rejista ili ajue ni mtoto gani hajaandikishwa.

Najua kuna mtu anataka kuniambia kwamba angeongeza sampuli. Ongeza. Chukua orodha yote, majina 400, upige tiki 400. Bado hujasogea hata hatua moja, kwa sababu unatembea upande usio wenyewe. Ukitaka kujua kama deni la kweli limeandikwa, uanzie nje, kwenye kitu kinachothibitisha deni, halafu ndipo uje kwenye leja kuuliza: upo humu? Ukianzia kwenye leja unauliza swali jingine kabisa. Na kwa madeni, tofauti na mali, hatari yetu kubwa ni kilichoachwa nje. Meneja anayetaka faida ionekane nene hana haja ya kubuni deni. Anafunga droo tu.

Sasa jenereta. Amkeni.

Kampuni moja, siitaji, inafunga mwaka tarehe 31 Desemba. Faida kabla ya kodi waliyotuletea ilikuwa milioni 420. Sarafu iacheni, hesabu ni ileile. Kiwango cha uzito, yaani kosa ambalo likizidi hapo linaweza kumpotosha msomaji wa hesabu, tulikiweka asilimia 5 ya faida hiyo, milioni 21. Tulikwenda kwao Machi, tukachukua malipo yote yaliyotoka kati ya tarehe 1 Januari na 28 Februari, tukachagua kila lililozidi milioni 4. Yakawa malipo 37.

Ngoja, hapo kwenye "tukachukua malipo yote" nisimame kidogo. Tuliyachukua wapi? Kwenye taarifa ya benki. Hatukuyachukua kwenye orodha aliyotuchapishia mhasibu wao. Mtu anayeweza kuficha ankara hashindwi kufuta mstari mmoja kwenye orodha ya malipo. Na hata kama ni mwaminifu, orodha huchapwa ikiwa imechujwa, mtu akasahau kuondoa kichujio. Benki haina sababu ya kumfichia mtu. Kama kuna akaunti tatu za benki, chukua taarifa za zote tatu.

Basi, malipo 37. Kijana niliyekuwa naye akayafikia malipo ya tarehe 11 Februari, milioni 18.6, ukarabati wa jenereta. Akatoa ankara: tarehe 20 Januari. Akaandika "gharama ya mwaka mpya", tiki, akafungua ukurasa. Nikamwambia arudi. Akaniangalia kama mzee anayesumbua tu. Nikamwuliza, fundi alifanya kazi lini? Akasema ankara ni ya Januari. Nikamwambia sijauliza ankara iliandikwa lini, nimeuliza kazi ilifanyika lini. Nyuma ya ankara, imebanwa kwa pini, kulikuwa na kadi ya kazi: ameanza tarehe 14 Desemba, amemaliza tarehe 22 Desemba, injinia wa kiwanda ametia saini kwamba ameipokea kazi. Siku ile saini ilipowekwa, kampuni ilikuwa inadaiwa. Ankara kuja Januari ni habari ya fundi na mashine yake ya kuchapa.

Hili silitungi mimi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 37, aya ya 11, kinasema wazi kwamba gharama limbikizi ni deni la kulipia bidhaa au huduma iliyokwisha kupokelewa, ingawa haijalipwa wala haijaletewa ankara. Ankara siyo inayozaa deni. Kupokea ndiko kunakozaa.

Nikiwa hapo huwa naulizwa: kwa hiyo kila chenye tarehe ya Desemba ni deni la Desemba? Hapana, na kosa hili ni pacha wa lile la kwanza. Katika malipo hayohayo 37 kulikuwa na ankara ya tarehe 30 Desemba, milioni 9, kodi ya ghala kwa miezi ya Januari hadi Machi. Tarehe ya ankara ni ya mwaka uliopita, lakini ghala la Januari halijatumika Desemba. Kijana, akiwa ameshachapwa na jenereta, akataka kuliandika lote kuwa deni. Nikamzuia. Soma kipindi kilicholipiwa, tarehe ya juu iache.

Na kuna ankara zinazokaa mguu huku mguu kule. Kampuni ya ulinzi ilileta ankara ya milioni 6.2 kwa huduma ya tarehe 16 Desemba hadi 15 Januari. Hizo ni siku 31, laki mbili kwa siku. Siku 16 ziko Desemba, kwa hiyo milioni 3.2 ni deni la mwaka uliofungwa, na milioni 3 ni za mwaka mpya. Tukatazama kwenye orodha ya gharama limbikizi: hakuna kitu.

La tatu lilikuwa malighafi ya milioni 24. Ankara ya tarehe 5 Januari, lakini hati ya mapokezi ya stoo inasema mzigo umeingia tarehe 29 Desemba. Hili lina swali la pili ambalo wengi hulisahau: mzigo ule ulihesabiwa kwenye stoo tarehe 31? Kama haukuhesabiwa, mali imepungua milioni 24 na deni limepungua milioni 24, mizania imekosewa pande zote mbili lakini faida haijaguswa. Kama umehesabiwa na ununuzi haukuandikwa, basi kampuni imepata mzigo wa bure, na faida imevimba kwa milioni 24 zote. Tukafungua karatasi za kuhesabia. Ulihesabiwa, tena kwa saini ya mtunza stoo na ya mtu wetu.

Jumlisheni wenyewe: 18.6 na 3.2 na 24, milioni 45.8. Zaidi ya mara mbili ya kiwango chetu cha milioni 21. Na orodha ya wadai ilikuwa imeshapata tiki zake 25 za kijani.

Sasa msinielewe vibaya, mkarudi ofisini mkasema mzee amesema malipo ya baada ya mwaka yanatosha. Hayatoshi, na yana udhaifu mbaya sana: yanakuonyesha deni lililolipwa tu. Kampuni inayolipa baada ya siku 30, ukitazama hadi mwisho wa Februari unaiona Desemba yake karibu yote. Kampuni inayolipa baada ya siku 90, malipo ya Januari na Februari ni ya mizigo ya Oktoba na Novemba, Desemba yenyewe itaanza kulipwa mwanzoni mwa Machi. Utapekua malipo 37, usikute kosa hata moja, ufurahi, kumbe umetazama dirisha la nyumba nyingine. Na nani hulipa baada ya siku 90? Aliyeishiwa fedha. Nani ana sababu ya kuficha deni? Huyohuyo. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mwisho wa kipindi cha kupekua, ujue kwanza wanalipa baada ya siku ngapi, na usogeze mwisho huo karibu na tarehe ya ripoti kadiri unavyoweza. Pale ambapo malipo hayajatoka, geukia faili la ankara ambazo hazijalipwa, zilizoingizwa na zilizokaa tu kwenye trei.

Na kile kizingiti cha milioni 4 nacho kina shimo. Fundi wa jenereta angelipwa kwa mafungu 6 ya milioni 3.1, tusingemwona. Panga malipo kwa jina la mlipwaji, ujumlishe, ndipo uchague.

Muda naona ninanyooshewa kidole. Barua za uthibitisho kwa wadai: mnazituma kwa wenye salio kubwa, tena mnarudia kosa la leja. Zitumeni kwa waliouza sana mwaka mzima, hata salio lao likiwa sifuri. Hasa likiwa sifuri. Hati za mapokezi: shika ya mwisho ya Desemba, rudi nyuma kwa mfuatano wa namba, ujue kila moja ilikwenda wapi. Likizo za wafanyakazi na ada ya mawakili nitaziacha, nilikuwa nimeziandikia kurasa mbili.

Niseme tu lile la injinia. Kwa nini jenereta haikuandikwa? Nilidhani wizi. Haikuwa wizi. Mzigo ukiingia, stoo huandika hati na nakala huenda kwa mhasibu. Huduma haiingii stoo. Fundi alikuja, akakarabati, injinia akatia saini, kadi ikakaa kwenye meza ya injinia hadi ankara ilipofika. Mhasibu hakujua kwamba jenereta iliharibika. Basi nikashuka kiwandani, nikamwuliza injinia: Desemba mlimwita nani mwingine? Akahesabu kwa vidole. Fundi wa jenereta. Fundi wa boila, huyo tulimkuta kwenye leja. Na winchi ya kukodi, siku 3, milioni 2.5 kwa siku. Ilikuwa Machi, malipo hayajatoka, ankara haijafika, na tulipompigia simu mwenye winchi akasema, "Ah, nilisahau kuwaletea." Tukaongeza milioni 7.5, jumla ikawa 53.3, na faida ikashuka hadi milioni 366.7.