Maneno mafupi ya makala ya presha: mgonjwa anasoma nini kabla hajafungua

Asanteni kwa kuja jamani, najua foleni ya Mwenge leo ilikuwa balaa, basi tusipoteze muda. Nimeombwa niongelee metadata za makala za afya kwenye tovuti ya kliniki, yaani yale maneno yanayokaa kwenye kichwa cha ukurasa, taito na maelezo mafupi, ambayo mtu anayaona kwenye Google au pale linki ikitumwa WhatsApp. Nitashika makala moja tu, ya presha ya juu, maana humo karibu kila kosa limo.

Kuna kliniki moja hapa mjini waliweka makala nzuri kabisa, daktari kaipitia, ndani imeandikwa vizuri presha inapimwaje, 140 kwa 90 maana yake nini, kwamba kipimo kimoja hakitoshi unarudia siku nyingine, chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yote hayo. Lakini aliyejaza taito hakuwa yule aliyeandika makala. Alikuwa kijana wa matangazo, akaweka hivi: "Dalili 7 za presha na jinsi ya kupona kabisa bila dawa". Ndani ya makala hakuna sehemu yoyote inayosema kupona kabisa, wala bila dawa.

Sasa mtasema si atafungua atasoma ukweli ndani? Hapana, wengi hawafungui. Mama yuko kwenye daladala ya Mbagala, bando limebaki kidogo, mwanae kamtumia linki kwenye grupu la familia, anaona picha, taito na mstari mmoja na nusu, anafunga simu. Kwake hiyo ndo makala yote. Kama anakunywa vidonge vya presha na amesoma "bila dawa" imetoka kliniki, si kwa mtu wa mtaani, basi ana sababu ya kuviacha, na presha ikipanda tena haipigi hodi, anaweza akapata kiharusi au figo zikaharibika yeye anajiona mzima.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: taito na maelezo mafupi yawe kweli hata kama mtu hatafungua ukurasa.

Tuanze na "dalili 7". Hili wengi hawalioni kuwa ni kosa kwa sababu halina muujiza ndani yake, lakini mi naliona baya kuliko hata "kupona kabisa". Presha ya juu kwa watu wengi haina dalili yoyote. Ukimpa mtu orodha ya 7, atajikagua: kichwa hakiumi, kizunguzungu sina, macho yako sawa, basi mi mzima, na anaweza kuwa na 170 kwa 100 muda huo huo. Tatizo ni kwamba watu wanaandika kweli "dalili za presha" kwenye Google, ukifungua Search Console, ile zana ya Google inayoonyesha watu wanatafuta nini, utaliona hilo neno, huwezi kulikwepa maana ndo mlango wanaoingilia. Basi litumie, ila jibu la ukweli liwe palepale kwenye taito:

```html
<title>Dalili za presha: wengi hawana dalili, pima ujue</title>
<meta name="description" content="Presha ya juu mara nyingi haina dalili, hujulikana kwa kupima. Kama unatumia dawa usiache bila kuongea na daktari. Soma pia kuhusu chumvi na mazoezi.">
```

Angalieni mpangilio wa hayo maelezo, hapa ndo kazi ilipo. Google haina kikomo rasmi cha urefu, inakata kulingana na upana wa skrini, ila kwa mazoea kwenye kompyuta unapata kama herufi 155 hivi na kwenye simu kama 120, na wasomaji wetu ni wa simu. Haya yana herufi 149 ukihesabu na nafasi, na onyo la dawa linaishia kwenye herufi ya 114. Yakikatwa, kinachopotea ni chumvi na mazoezi, sio onyo. Watu wengi wanaandika kinyume, wanaanza na "kupunguza chumvi na kutembea kila siku kunashusha presha" halafu "lakini usiache dawa" inakuja mwisho, na simu inakata kabla ya "lakini". Kwa hiyo umeandika ukweli na mgonjwa kasoma nusu yake, nusu ya hatari.

Na maneno yenyewe: kwa wagonjwa wengi presha haiponi, inadhibitiwa, mara nyingi kwa miaka mingi. Andika "kudhibiti", andika "inasaidia kushusha". Usiandike "inaondoa", "asilimia mia", "ndani ya siku 7". Hata "salama kabisa" ifute, hakuna dawa ya namna hiyo.

Sasa kuna kitu kinawashinda hata wazoefu. Unaweza kuandika maelezo safi kabisa na Google isiyatumie, ikachota sentensi yoyote ndani ya ukurasa inayofanana na alichotafuta mtu. Ile makala ilikuwa na sehemu ya kukanusha uongo wa mtaani, hedingi imeandikwa "Kitunguu swaumu kinaponya presha", jibu liko chini yake. Mtu akitafuta kitunguu swaumu na presha, anaweza akaletewa huo uongo peke yake, na jina la kliniki juu yake. Dawa yake ni kuandika kanusho na jibu kwenye sentensi moja, "Kitunguu swaumu hakichukui nafasi ya dawa za presha", na kama lazima uunukuu uongo wenyewe, uzungushie hivi ili Google isiuchote:

```html
<span data-nosnippet>"Presha ikishuka, acha dawa"</span>
```

Hiyo inafanya kazi kwenye span, div na section. Kwa WhatsApp haina msaada, WhatsApp inasoma tagi nyingine za kichwa cha ukurasa, og:title na og:description na og:image, hivyo hizo nazo zijazwe kwa maneno yaleyale ya tahadhari, na picha iwe ya mtu anapimwa mkononi, isiwe ya tangawizi na limao imeandikwa PONA.

Na WhatsApp ina ugumu wake: ile priviu inatengenezwa pale mtu anapotuma na inasafiri na meseji. Ukirekebisha taito leo, meseji zilizokwisha kwenda kwenye magrupu zinabaki na maneno ya zamani, hazibadiliki. Ndo maana nasisitiza daktari asome taito na maelezo kabla ya kuchapisha, asiishie kwenye makala tu. Mtumieni hayo maneno matupu kwa meseji, bila makala, mumuulize: Dokta, mgonjwa wako akisoma hiki tu, atafanya nini kesho asubuhi? Kama jibu ni "ataacha vidonge" au "hataenda kupima", mnaandika upya.

La mwisho ni tarehe. Kwenye schema.org, zile lebo zinazoielezea Google ukurasa unahusu nini, kuna lastReviewed na reviewedBy, zinasema ukurasa ulipitiwa lini na nani. Naona watu wanabadilisha tarehe kila mwezi ili makala ionekane mpya wakati hakuna aliyeisoma tena. Msifanye hivyo kabisa. Tarehe ibadilike siku ambayo daktari kaisoma upya, na jina liwe la yule aliyeisoma kweli, kama hakuna aliyesoma acheni pabaki wazi. Haya, nani ana swali, au aliyekuja na makala yake tuifungue hapa?