Barua kwa tantini: namna ya kumuomba foto zake za zamani kabla ya montaji

Jambo bandugu, niko hapa Lubumbashi kwa studio yangu ndogo. Leo montaji yenyewe, ile kazi ya kukata sura za foto na kuziunganisha kwa kadre moja, siigusi, ninawaonyesha barua inayoitangulia, kwa sababu batu wananiletea foto za shangazi zao na mwenyewe hajui kitu. Tarehe juu, "Tantini mupenzi", salamu za watoto, hiyo munajua, tupite.

Kwanza mwambie kazi. Nasoma yangu: "Tunatengeneza kadre moja ya sentimita 40 kwa 60 ya kuwakumbuka babu na nyanya, itatundikwa siku ya kumaliza matanga, kisha itabaki kwa kaka mukubwa." Kama utaiweka Facebook pia, iandike, maana anaweza kukubali ukuta na kukataa Facebook.

Sasa taja foto moja moja, na namba. "Foto ya 1, babu na kofia ya kazi ya Gécamines, karibu na kinga yake. Foto ya 2, nyanya kwenye kiti, amepakata mtoto." Ngoja, plastiki ya albamu inang'aa, hamuoni kitu... nasogea dirishani. Sawa, mnamuona huyu mtoto?

Hapa polepole, tafazali. Kwa montaji tunakata sura ya nyanya peke yake, mtoto anabaki nje. Mwaka mumoja nilimukata mtoto wa foto kama hii bila kuuliza, kumbe alikuwa mtoto wa tantini aliyekufa mdogo, na ile ndiyo foto pekee aliyokuwa naye. Alilia mbele ya kadre, mbele ya watu wote. Kwa hiyo andika: "Foto ya 2, ningependa kukata sura ya nyanya tu. Kama hupendi, nitaiweka nzima, itakuwa ndogo kidogo." Narudilia, andika nani atakatwa, kwa jina kama unalijua, na kama hulijui muulize: "Huyu mtoto ni nani?"

Halafu foto zenyewe. Zile mudogo alinitumia kwa WhatsApp hazitoshi, zimebanwa. Foto ya sentimita 9 kwa 13 ukiiskani kwa 600 dpi unaweza kuichapa mara mbili ya ukubwa wake na bado inabaki safi, ndiyo maana naomba zenyewe, na ninaandika: "Nitazichukua Jumamosi, nitazirudisha Jumatatu kwa mukono wangu." Kama moja imegandana na albamu, mwambie asiivute, ngozi ya foto itabaki kwa plastiki. Nitaiskani na ukurasa wake.

Ndani ya anvelope natia fotokopi ndogo zenye namba 1 na 2, aandike ndiyo ao hapana juu ya hizo, asiandike nyuma ya foto, Biki inatokeza mbele, mimi napenda hata penseli isiguse. Nakunja, nafunga. Mupwa wangu anapanda basi ya Likasi kesho asubuhi, anaipeleka.