2Al + O₃: atomu zimelingana, mlinganyo umekosewa

Walimu wenzangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu madaftari bado yanakuja na kosa lile lile. Mwanafunzi anapewa alumini inayoungua katika oksijeni:

Al + O₂ → Al₂O₃

Anahesabu. Kulia kuna alumini mbili, anaweka 2 mbele ya Al. Oksijeni kulia ni tatu, kushoto mbili. Hapo anafuta ile 2 ndogo ya chini, anaandika 3:

2Al + O₃ → Al₂O₃

Anakoseshwa, halafu analalamika kwamba ameonewa. Hajaonewa! O₃ ni ozoni, gesi nyingine kabisa. Namba ndogo ya chini inasema molekuli moja ina atomu ngapi, kwa hiyo ukiigusa umebadilisha kitu chenyewe. Namba ya mbele ndiyo inayosema zimeingia molekuli ngapi, na hiyo tu ndiyo yetu kuibadilisha.

Kuna atakayeniambia, "Si atomu zimelingana, mpe hata nusu alama." Basi mpe hesabu ya moli uone. Gramu 54 za alumini ni moli 2. Kwa mlinganyo wake zinataka moli 1 ya gesi, yaani lita 24 katika halijoto na kanieneo ya chumbani. Kwa mlinganyo sahihi zinataka moli 1.5 za O₂, yaani lita 36. Lita 12 zimekwenda wapi? Na akipima kwa gramu hatashtuka, maana njia zote mbili zinatoa gramu 48 za oksijeni. Kosa linajificha hapo.

Sasa tulisawazishe. Oksijeni ni 2 kushoto na 3 kulia. Kigawe kidogo cha shirika ni 6. Weka 3 mbele ya O₂, na 2 mbele ya Al₂O₃. Ile 2 inazidisha fomula nzima, si oksijeni peke yake, kwa hiyo alumini kulia sasa ni 4. Rudi kushoto, ile 2 ya mwanzo igeuze iwe 4:

4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃

"Lakini mwalimu, si ulitufundisha kupishanisha valensi?" Ndiyo, na mkanganyiko unaanzia hapo hapo. Valensi 3 ya alumini na 2 ya oksijeni tunazipishanisha tunapounda fomula, kabla hatujasawazisha chochote. Tukishapata Al₂O₃ kazi ya namba ndogo imekwisha. Mwambieni azungushie kila fomula kiboksi kwa penseli, na kalamu isiingie ndani ya kiboksi.

Muda umeniishia, kwa hiyo sulfeti naipitia haraka. SO₄ ikitokea nzima pande zote mbili, ihesabu kama kitu kimoja:

2Al + 3CuSO₄ → Al₂(SO₄)₃ + 3Cu

Ile 3 nje ya mabano nayo imo ndani ya kiboksi.