Tripu ya Lori Gani?

Hawa: Haya karibuni tena. Leo tulipanga mambo manne juu ya kutafsiri makaratasi ya ujenzi, lakini Juma wiki hii yote sikio liko kwa simu, hebu sema kwanza.

Juma: Ni shangazi yangu wa Busia dada. Anajenga, ramani yote ni Kingereza, fundi wake anasoma Kiswahili, basi wakapiga picha wakanirushia Wotsapu. Karatasi imekunjwa, simu imeinama, saa ya magharibi.

Hawa: Hiyo ukikuza inakuwa uji.

Juma: Uji kabisa. Nikamwambia shangazi piga tena mchana, simu iwe juu ya karatasi sawasawa, kipande kwa kipande, halafu tuma kama dokumenti maana Wotsapu ikituma kama picha inaibana. Ikaja safi, ila chumba kimoja mkunjo umepita juu ya namba. Ni tatu, kitu fulani, sifuri sifuri. Inaweza kuwa 3600, inaweza kuwa 3800.

Hawa: Na huwezi kuweka rula kwa skrini, picha ikiinama hata kidogo mistari inadanganya.

Juma: Ndiyo, nafuata namba zilizoandikwa peke yake. Pale juu kuna urefu wa nyumba nzima, milimita 10,360. Nikatoa kuta mbili za nje, 230 kila moja, kuta mbili za ndani 150 kila moja, na vyumba viwili vya 3000. Inabaki 3600. Kwisha.

Hawa: Na ingebaki 3700?

Juma: Hapo nampigia aliyechora, sichagui mimi. Sasa nikamwandikia fundi futi 11 na inchi 9 na robo tatu.

Hawa: Aa-aa. Futi zimetoka wapi?

Juma: Fundi anaongea futi! Hapa kwetu nani anakwambia chumba cha milimita elfu tatu?

Hawa: Kazi yako ni maneno bwana, namba uache vile ziko. Fundi akiona 11 na inchi 9 na kitu atasema ah, hiyo ni 12. Kumi na mbili ni milimita 3658. Vile vya 3000 navyo atafanya futi 10, kila kimoja kinaongezeka 48. Nyumba imerefuka zaidi ya sentimita 15, na vyuma na mbao za paa zilihesabiwa kwa ile ya kwanza.

Juma: Na nikimwachia milimita atazigeuza mwenyewe kwa kichwa asubuhi pale kwa msingi. Afadhali hesabu yangu.

Hawa: Tepu yake iko na pande zote mbili! Mwandikie atumie upande wa sentimita, 3600 ni 360.

Juma: Hawezi kuutumia, amezoea.

Hawa: Basi ramani ina namba moja, karatasi yako ina nyingine, siku zikigongana ipi inatawala? Mimi sikubali.

Juma: Na mimi sibadilishi. Twende kwa orodha ya vifaa. Simiti mifuko, sawa, mabati sawa. Halafu, mchanga, tripu tatu.

Hawa: Tripu ya lori gani?

Juma: Ndiyo nilimuuliza shangazi! Akasema lori la mchanga.

Hawa: Eh! Fuso ama Kanta?

Juma: Akasema la bluu.

Hawa: (anacheka) La bluu! Hapana sikia, hii ni pesa ya mtu. Ukiandika tripu tatu ukanyamaza, muuzaji ataleta Kanta ile ndogo, na aliyechora labda alihesabu Fuso kubwa.

Juma: Kwa hiyo niliandika tripu 3, pembeni nikaweka lori halikutajwa, aliyechora aseme ni mita ngapi za ujazo. Akishasema, shangazi apime bodi ya lori kabla halijamwaga. Urefu mita 3, upana 1.8, mchanga umejaa nusu mita, hiyo ni 2.7.

Hawa: Na asawazishe kwanza, maana wanarundika katikati pembe ziko tupu. Aingize kijiti kwenye pembe apime kina.

Juma: Ya kokoto pia tripu mbili.

Hawa: Za bluu?

Juma: (anacheka) Za bluu dada! Na hadikoo...

Hawa: Usiniambie.

Juma: Tripu nne.

Hawa: Lori gani Juma! Haya, muda umetuishia, majina ya vyumba hatujagusa na vyuma pia.

Juma: Moja ya vyuma haraka, ikiandikwa Y12 @ 200 c/c, ni chuma cha unene wa milimita 12, na ile 200 inapimwa katikati ya chuma hadi katikati ya kingine, siyo uwazi wa kati.

Hawa: Na hiyo 200 utamwandikia inchi ngapi?

Juma: Nane.

Hawa: Ni pungufu ya nane!

Juma: Kidogo tu dada...

Hawa: Zimeni maikrofoni yake.