Gari Linapochechemea: Taa za Giaboksi ya Otomatiki na Maana Yake

Mabibi na mabwana, karibuni. Leo tutazungumzia taa mbili tu, na kosa la kuzichanganya ndilo linalounguza giaboksi nyingi. Ya kwanza ni taa ya joto la mafuta ya giaboksi, ambayo kwenye magari mengine huandikwa A/T OIL TEMP. Ya pili ni taa ya hitilafu. Katika magari mengi ya zamani ya Toyota hitilafu huonyeshwa na maandishi O/D OFF yanayopepesa yenyewe bila mtu kugusa kitufe, na magari mengine huwasha taa ya injini au picha ya gia yenye alama ya mshangao. Taa ya joto inakuambia kwamba mafuta yamechemka kupita kiasi, lakini giaboksi bado inatii. Taa ya hitilafu inakuambia kwamba kompyuta haiamini tena inachokiona ndani ya giaboksi, na huenda imeacha kuamuru kabisa. Hapo ndipo gari linapoingia katika hali ya kuchechemea, yaani kujikokota na gia chache zilizobaki.

Tuanze na joto, kwa sababu hilo linaamuliwa ndani ya dakika chache. Katika safari ya kawaida mafuta ya giaboksi hukaa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Yakipita 120 kwa muda mrefu huanza kuchakaa haraka, na plati za klachi huanza kuungua. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwenye konveta, kile chombo cha duara kati ya injini na giaboksi. Konveta hupitisha nguvu kwa kurusha mafuta kutoka pangaboi moja kwenda jingine. Pangaboi la injini likizunguka kasi na la giaboksi likibaki nyuma, tofauti hiyo yote hugeuka joto. Kwa hiyo mlima mrefu unaopandwa polepole gari likiwa limejaa mizigo ni hatari kuliko mwendo wa kasi kwenye tambarare.

Taa ya joto ikiwaka, simama mahali salama, weka gia P, kaza hendibreki, na uache injini iendelee kuunguruma bila kukanyaga mafuta. Wengi huzima injini kwa sababu mkono umezoea kuzima kitu kinachopata moto. Lakini pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Ukizima, mafuta yanasimama palepale yalipo na hayafiki tena kwenye kipoozeo kilichomo ndani ya rejeta. Ukiacha injini iwake gia ikiwa P, konveta haizuiliwi na chochote, haitengenezi joto la maana, na mafuta yanazunguka yakipoa. Usikae D huku umekanyaga breki, maana hapo konveta inaendelea kuyachemsha. Zima tu ikiwa geji ya maji ya injini nayo imepanda hadi kwenye alama nyekundu, au ukiona mafuta yanamwagika chini ya gari.

Taa ikizimika na gari likabadilisha gia kama kawaida, endesha kwa upole, kisha upeleke likapimwe kiasi na hali ya mafuta. Katika giaboksi nyingi zenye kijiti cha kupimia, kipimo hicho hufanywa mafuta yakiwa ya moto na injini ikiwaka, gari likiwa mahali tambarare. Zipo zinazopimwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako kwanza. Mafuta yenye harufu ya kuungua na rangi ya kahawia iliyokolea yamekwisha. Mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa ya waridi ni habari mbaya zaidi, kwa sababu yanaonyesha kwamba kipoozeo kimetoboka ndani ya rejeta na maji yameingia. Gari la namna hiyo lisiendeshwe tena hata kidogo, maana maji huharibu gundi inayoshikilia bitana za plati za klachi.

Sasa tuje kwenye kuchechemea kwenyewe. Kompyuta hubadilisha gia kwa kupeleka umeme kwenye solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme zinazofungua na kufunga njia za mafuta. Ikigundua kasoro kubwa, hukata umeme huo. Valvu hurudi zilikowekwa na springi zake, na mafuta hufuata njia moja tu, ile aliyoipanga mbunifu kwa ajili ya siku ambayo hakuna wa kuamuru. Kwa hiyo gia unayobaki nayo hutegemea mabomba na springi za giaboksi hiyo. Mercedes-Benz 722.6 ikizimwa na kuwashwa tena ikiwa na kasoro hiyo hubaki na gia ya pili na rivasi tu. Toyota A340E isiyo na umeme kwenye solenoidi zake za kubadilisha gia hutoa gia ya nne kwenye D, ya tatu kwenye 2, na ya kwanza kwenye L. Nyingine nyingi hubaki katika ya tatu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasiiache katika gia ya kwanza, ambayo ingeondoa gari kwa urahisi. Tufanye hesabu. Chukua gari lenye gia nne ambalo uwiano wake ni 2.8, 1.5, 1.0 na 0.7, difu yake ni 4.1, na tairi linatembea mita 2 kwa kila mzunguko. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa tairi huzunguka karibu mara 833 kwa dakika. Katika gia ya tatu injini ingezunguka kama mara 3,400, jambo ambalo inalimudu. Katika ya kwanza ingelazimishwa kuzunguka zaidi ya mara 9,500. Hitilafu ikitokea ghafla barabarani, gia ya kwanza ingevunja injini au kufanya matairi yaburuzike. Gia ya katikati ndiyo inayoweza kukupokea ukiwa kasini na bado ikakuondoa ukiwa umesimama, ingawa kwa shida.

Shida hiyo nayo ina kipimo. Uwiano wa 1.0 ukilinganishwa na 2.8 unamaanisha kwamba unapoanza kuondoka, matairi yanapata takriban theluthi moja tu ya nguvu ya kusukuma yaliyoizoea. Ndiyo maana gari huonekana limekufa: injini inalia, gari linajivuta, halafu likifika kama kilomita 40 kwa saa linachangamka kidogo. Kompyuta nyingi pia hupunguza nguvu ya injini kwa makusudi. Kufuli la konveta, lile linalounganisha pangaboi zake mbili moja kwa moja, halifungi, kwa hiyo mizunguko ya injini hupanda kidogo kuliko ulivyozoea. Na kwa kuwa solenoidi ya shinikizo nayo imekosa umeme, katika giaboksi nyingi shinikizo la mafuta hupanda hadi juu kabisa ili plati zisiteleze. Utalisikia ukitoka P kwenda R au D: gari hupiga kishindo. Kishindo hicho, gia isiyobadilika na kuondoka kwa uzito vikija pamoja na taa, hiyo ni hali ya kuchechemea.

Kuna kitu kinachofanana nayo ambacho ni hatari zaidi, nacho ni plati zinazoteleza kweli. Geji ya mizunguko itakutofautishia. Gari letu la mfano likiwa katika gia ya tatu kwa kilomita 60 kwa saa linapaswa kuonyesha mizunguko 2,050, ukiongeza mia kadhaa kwa sababu konveta haijafungwa. Ukiona 2,300, giaboksi imeshika vizuri na inachechemea tu. Ukiona 3,500 na mwendo hauongezeki, plati zinateleza na kila mita unayokwenda inazisaga. Hapo simama, liitwe gari la kubebea. Usikubali livutwe huku matairi yanayosukumwa na injini yakigusa ardhi, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki na vyuma vya ndani vinasagana bila mafuta.

Ikiwa giaboksi imeshika, unaweza kujaribu kuzima gari, kungoja dakika moja au mbili, na kuwasha tena. Kompyuta nyingi hujaribu upya zinapowashwa. Jaribu mara moja tu. Hali ikirudi, usiendelee kuzima na kuwasha ili upate gia kwa kilomita chache, kwa sababu kila mara unairuhusu ibadilishe gia kwa kutumia kitu ambacho imeshaona hakifanyi kazi.

Mwendo wa kuchechemea ni wa kufika kwa fundi, si wa kumaliza safari. Epuka njia ya milima, na hasa kuondoka ukiwa mlimani. Kuondoka kwa gia ya tatu kunaifanya konveta iteleze muda mrefu, na joto tulilolizungumzia mwanzoni linaanza kujikusanya tena. Kwa sababu hiyo hitilafu ndogo ya umeme huishia kuwasha taa ya joto baada ya nusu saa ya foleni. Kwenye mteremko kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau: gia ya tatu au ya nne haikushikilii gari, kwa hiyo breki zinabeba uzito wote. Shuka polepole tangu juu, kabla breki hazijapata moto.

Ukifika kwa fundi, omba asome kompyuta ya giaboksi yenyewe. Namba ya hitilafu P0700 peke yake haisemi kilichoharibika. Inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina ujumbe wake. P0218 ni mafuta kupata joto kupita kiasi. P0720 ni sensa ya mwendo wa kutokea kwenye giaboksi. P0730 ni uwiano wa gia usiolingana na ulioamriwa, na hiyo ndiyo inayoweza kumaanisha plati zimechoka.

Tuseme gari letu limeonyesha P0700 na P0750, yaani solenoidi ya kwanza ya kubadilisha gia. Kabla mtu hajakuambia giaboksi ishushwe, betri ipimwe: injini ikiwaka inapaswa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5, maana umeme ukiwa hafifu kompyuta huona kasoro zisizokuwepo. Kisha plagi kubwa ya giaboksi ifunguliwe na kukaguliwa kama ina kutu au mafuta. Baada ya hapo ipimwe solenoidi kupitia plagi hiyo. Kwenye giaboksi nyingi za zamani za Toyota, solenoidi ya kubadilisha gia iliyo nzima husoma kati ya omu 11 na 15 ikiwa ya baridi. Mita isiposoma kitu, waya umekatika au solenoidi imeungua, na katika giaboksi nyingi vyote viwili hufikiwa kwa kufungua sampu ya chini tu. Ikisoma vizuri pale kwenye plagi, huenda kasoro iko kwenye waya unaotoka kwenye kompyuta au kwenye kompyuta yenyewe, na giaboksi bado haina sababu ya kufunguliwa.